Marehemu baba aliimba kwa jina la jukwaani, sasa mirabaha imekwama. Tunathibitishaje kuwa ni mtu mmoja?

Mtoto wa Kihonda

Habari za wakati huu wanajamvi. Naomba msaada wa mawazo, hasa kwa wanaojua mambo ya hakimiliki na mirathi.

Marehemu mzee wetu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi mchana, usiku mwanamuziki wa dansi. Kwa sababu ya ile kazi ya ualimu hakutaka jina lake litajwe baa, kwa hiyo jukwaani aliitwa kwa lakabu. Lakabu yenyewe naiweka kapuni kwa sasa, hapa nitamwita Kapteni. Alitunga nyimbo mbili zilizotoka kwenye santuri ndogo mwaka 1978. Alifariki 2019, mirathi ikafunguliwa, kaka yangu mkubwa akawa msimamizi, tukagawana kilichokuwepo, ikafungwa.

Sasa kuna kampuni ya nje imezitoa upya zile nyimbo kwenye albamu ya mkusanyiko, na zinasikika mitandaoni. Tulipouliza kwenye shirika moja linalokusanya mirabaha tukaambiwa kuna kitu kimeingia ila hakiwezi kutoka. Mtunzi kwenye kumbukumbu zao ni "Kapteni", na vyeti tulivyopeleka ni vya mtu mwingine kabisa. Dada wa kaunta alituuliza, "Huyu Kapteni ndiyo nani?" Kaka akajibu ni baba yetu. Akasema, "Sawa, lakini hapa sioni baba yenu."

Tuanzie wapi?

Chura wa Kinondoni

Poleni sana mkuu. Hilo ni jambo dogo, nendeni kwa Msajili wa Hati mkafanye hati ya kubadili jina. Mnaandika kuwa fulani sasa anaitwa Kapteni, mnalipia, inasajiliwa, mnarudi pale kaunta kibabe.

Wakili wa Jioni

Chura, hati ya kubadili jina anaisaini mwenye jina mwenyewe, akiwa hai. Marehemu hawezi kubadili jina, na wewe mtoto wake huwezi kumbadilishia. Isitoshe mzee hakuwahi kubadili jina. Alikuwa na majina mawili kwa wakati mmoja, moja la serikali na moja la jukwaa, na kinachotakiwa kuthibitishwa ni kwamba yote mawili ni ya mtu mmoja. Ukichanganya hayo mawili utalipa ada bure.

Mtoto wa Kihonda, kabla sijasema lolote naomba nijue vitu viwili. Kwanza, kwenye fomu ya uteuzi wa msimamizi ile ya Mahakama ya Mwanzo, marehemu ameandikwaje? Pili, lebo ya santuri inasemaje hasa? Usinitajie majina, nieleze tu yamekaaje.

Mama Pwani

Salamu kutoka Mombasa. Huku kwetu Kenya aliyosema Chura hufanyika sana na wanasiasa. Mtu akijulikana mtaani kwa jina la utani, anakwenda kwa wakili anaandikisha hati, inatangazwa kwenye Gazeti Rasmi, jina la utani linaingia kwenye kitambulisho ndio lipate kuonekana kwenye karatasi ya kura. Sonko alilipata jina lake hivyo. Lakini ni kama Wakili alivyosema, ni mambo ya walio hai.

Mtoto wa Kihonda

Wakili, asante. Fomu ya mahakama ina majina matatu ya kwenye cheti cha kifo tu. Kapteni hayumo popote.

Lebo nimeitoa kabatini sasa hivi. Upande A, chini ya jina la wimbo, kuna mabano yameandikwa (Kapteni). Upande B, wimbo mwingine, kwenye mabano kuna herufi ya kwanza ya jina la baba, nukta, halafu jina la ukoo. Yaani wimbo mmoja kwa lakabu, mwingine kwa jina halisi, santuri hiyohiyo moja! Chini yake jina la bendi. Pembeni namba na mwaka 1978.

Mzee wa Santuri

Hapo sasa umenigusa, maana nakusanya vitu hivi tangu ujana.

Hayo mabano chini ya jina la wimbo ndiyo sehemu ya mtunzi. Jina la chini, la bendi, ni la waliopiga. Vijana wengi siku hizi wanasoma lebo kinyume, wanadhani mwenye wimbo ni bendi. Kwamba A na B zimetofautiana si ajabu hata kidogo. Aliyekuwa anachapa lebo alikuwa anapewa kikaratasi na mtu wa studio, na mtu wa studio anamuuliza yeyote aliye karibu, "Huu katunga nani?" Mpiga tumba akijibu "Kapteni", inaandikwa Kapteni. Wimbo wa pili akiulizwa mzee mwenyewe, anatoa jina lake kamili.

Na usidhani lakabu zilikuwa za aibu ya baa tu. Bendi nyingi za Tanzania zilikuwa mali ya mashirika, jeshi, polisi, jumuiya za chama. Mwanamuziki ni mwajiriwa wa kulipwa mshahara. Akivuka kwenda Nairobi kurekodi kimya kimya, hawezi kuweka jina ambalo mwajiri wake atalisoma dukani. Vijana Jazz, bendi ya vijana wa chama, zile kazi zao za Nairobi zilitoka kwa jina la Koka Koka Sex Battalion. Bendi nzima ilivaa jina lingine! Kwa hiyo kwenye santuri za miaka ile jina la mtu ni kitu cha kuchunguza, usilimeze tu.

Swali langu: una hakika na 1978? Mpaka wa Kenya na Tanzania ulifungwa Februari 1977. Kama ilibanwa Nairobi, inawezekana walirekodi kabla na santuri ikatoka baadaye.

Kaka wa Kitaa

Mnamchosha bure huyu ndugu. Hakimiliki ni miaka 50. Wimbo wa 1978 umebakiza kidogo uwe wa umma, na tena wimbo wa jina la bandia hauna mwenyewe kisheria. Achaneni nao, msije mkatumia nauli kubwa kuliko hela yenyewe.

Nyota Mpya

Na mimi nina tatizo hilohilo wakuu, naomba mnisaidie hapahapa. Mimi naimba singeli, jina langu la sanaa ni la neno moja. Kuna jamaa wa Nigeria anatumia jina hilohilo. Nikipakia wimbo unatokea kwenye ukurasa wake, mashabiki wake wananitukana. Halafu hela za video zinagoma kuingia benki kwa sababu akaunti ya mtandaoni niliifungua kwa jina la sanaa na benki inalijua la NIDA. Nibadili jina la NIDA liwe la sanaa?

Chura wa Kinondoni

Nyota, badili kabisa. Ukikamatwa na trafiki unampigia na shoo.

Wakili wa Jioni

Nyota Mpya, lako si hilohilo, na usibadili NIDA. Sehemu ya malipo iandikwe jina la kitambulisho na la benki, herufi kwa herufi. Jina la sanaa linakaa kwenye sehemu ya msanii. Na pale panapouliza mtunzi, usiweke lakabu, weka majina yako halisi. Ukiweka lakabu, watoto wako watakuja kuanzisha uzi kama huu. La kugongana na Mnigeria mwambie msambazaji wako aombe utenganishwe ukurasa. Mitambo inafananisha maandishi tu, haimjui mtu. Mengine fungua uzi wako tusimpoteze mwenye uzi.

Sasa Kaka wa Kitaa. Umeshika nusu, na nusu uliyoiacha ndiyo yenye pesa.

Mtunzi anayejulikana analindwa maisha yake yote, halafu miaka 50 baada ya kufa, na hesabu inaanza Januari mosi ya mwaka unaofuata kifo. Mzee alifariki 2019, kwa hiyo kwa jina lake halisi nyimbo zinalindwa hadi tarehe 31 Desemba 2069. Hiyo 50 yako ya tangu wimbo kutoka ni ya kazi isiyo na jina, au yenye jina la bandia ambalo mwenyewe hajulikani. Ukiihesabu hiyo, 1978 inaishia 31 Desemba 2028.

Sasa tazama ile santuri moja. Upande B una jina halisi, uko salama hadi 2069 bila mjadala. Upande A una Kapteni. Mkishindwa kuonyesha Kapteni ni nani, mtu anaweza kusimama akasema wimbo huu ulinzi wake unaisha 2028. Tofauti ni miaka 41, kwa sababu ya neno moja kwenye mabano.

Kaka wa Kitaa

Sawa Wakili, nimekuelewa kuhusu 2069. Lakini mtu akificha jina si amekubali mwenyewe? Kwa nini asaidiwe baadaye?

Wakili wa Jioni

Kwa sababu sheria haikuweka lakabu kama adhabu. Tatizo lilikuwa kwamba kama hujui mtunzi ni nani, hujui amekufa lini, basi huna pa kuanzia kuhesabu. Ndiyo maana wakachukua tarehe ya wimbo kutoka. Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, ibara ya 7, unasema lakabu ikiwa haiachi shaka yoyote kuhusu mwenyewe, hesabu inarudi kwenye kifo. Hali kadhalika mtunzi akijitambulisha ndani ya ile miaka 50. Angalia watu wanaofahamika: Bi Kidude alikuwa Fatuma binti Baraka na hakuna mtu wa kubisha. Siti binti Saad alizaliwa akiitwa Mtumwa, na Siti ndilo jina alilokwenda nalo kurekodi Bombay mwaka 1928. Lakabu zao hazikuwaficha. Kapteni wetu aliyejulikana Morogoro peke yake ndiye mwenye shida.

Kuna jambo lingine la ibara ya 15 ambalo wengi hawalioni. Jina la bandia likiwa halijulikani ni la nani, mchapishaji ambaye jina lake limetokea kwenye kazi ndiye anayehesabiwa kumwakilisha mtunzi na kutetea haki zake, mpaka mtunzi ajitokeze. Yaani ukikaa kimya, mwenye kiti chako ni mchapishaji.

Mzee wa Santuri

Mwanangu, hiyo albamu mpya unayo? Kijitabu chake kimeandika nini kwenye huo wimbo wa upande A?

Mtoto wa Kihonda

Shikamoo mzee. Sina kijitabu, nina picha aliyonitumia binamu aliye Uholanzi. Upande B limeandikwa jina la baba, wamekosea herufi moja ya ukoo. Upande A limeandikwa Kapteni, halafu mbele yake "Copyright Control".

Mzee wa Santuri

Marahaba. Hayo maneno mawili usiyapuuze. Wanaotoa santuri huyaandika pale ambapo hakuna mchapishaji aliyejulikana wa utunzi, au hawakumpata wa kuzungumza naye. Kwa hali yenu ni habari njema, ina maana kwenye huo wimbo hawajaandika mchapishaji mwingine. Ningekuwa na wasiwasi zaidi kama pangekuwa na jina la kampuni usiyoijua.

Karani Mstaafu

Nimekuwa nasoma kimya. Nilifanya kazi ya kuingiza nyimbo kwenye kumbukumbu za mirabaha kwa muda mrefu, siyo Tanzania, ila mfumo ni mmoja dunia nzima. Niongeze upande wa kaunta.

Mashirika haya hayamtambui mtunzi kwa jina, yanamtambua kwa namba inayoitwa IPI. Mtu mmoja anatakiwa kuwa na namba moja ya msingi, inaanza na herufi I. Chini yake kila jina alilotumia linapata namba yake. Jina halisi linawekewa alama PA, la bandia PP. Ukiwekwa sawasawa, wimbo ukiingia kwa lakabu na mwingine kwa jina halisi, pesa zote zinateremka kwa mtu mmoja.

Kinachotokea kwenye hali kama yenu ni kwamba kuna watu wawili kwenye kompyuta. Kuna baba yenu, pengine kwa ukoo uliokosewa herufi, na kuna Kapteni anayeelea peke yake. Sasa kosa kubwa ambalo familia nyingi hufanya ni kukubali karani amsajili marehemu upya. Mnaondoka mmefurahi, kumbe sasa wako watatu. Msiseme "tunataka kumsajili baba". Semeni "tunaomba jina hili liunganishwe kama PP chini ya mtu huyu". Msamiati huo huo. Karani akisikia hivyo anajua mnajua.

Ingieni pia kwenye utafutaji wa ISWC, yaani namba ya utambulisho ya wimbo, uko wazi kwa kila mtu mtandaoni. Andika jina la wimbo, ona watunzi waliotajwa. Kila wimbo ulioandikishwa una namba inayoanza na T. Ukikuta wimbo mmoja una T mbili zenye watunzi tofauti, piga picha ya skrini, iingize kwenye jalada. Kumbukumbu za IPI zenyewe hamtaziona, hizo lazima shirika liwaangalizie.

Mtoto wa Kihonda

Nimetafuta. Upande B upo, T moja, jina la baba lenye ile herufi iliyokosewa. Upande A sijaupata kabisa.

Karani Mstaafu

Basi wimbo haujaandikishwa, au umeandikishwa kwa tahajia nyingine. Jaribu bila nafasi kati ya maneno, na jaribu r badala ya l. Wazungu waliosikiliza kanda wameandika walichosikia.

Wakili wa Jioni

Turudi kwenye karatasi. Msifungue mirathi mpya. Rudini mahakama ileile, kwa namba ileile ya shauri, mueleze kuwa kuna mali ya marehemu iliyogundulika baada ya kufunga. Mkiwa pale ombeni marehemu atajwe kwa majina ya cheti, "ambaye pia alijulikana kama Kapteni". Hayo maneno yakiwa kwenye karatasi yenye muhuri wa mahakama, kazi ya kaunta inakuwa nyepesi sana.

Kisha kiapo. Kaka ataapa kama msimamizi, lakini kiapo cha mtoto anayesubiri hela kina uzito mdogo. Tafuteni watu wawili waliokuwa naye bendini, kila mmoja aape chake kwa maneno yake, aeleze alimjua lini, alipiga nini, na alimsikia akiitwa Kapteni wapi. Viapo viwili vyenye sentensi zilezile vinaonekana vimeandikwa na mtu mmoja.

Lakini chenye nguvu kuliko vyote ni karatasi ya zamani yenye majina yote mawili pamoja. Gazeti, kadi ya mwaliko, mkataba, barua, hata picha iliyoandikwa nyuma. Kiapo cha leo kinaonyesha mnachosema leo. Karatasi ya 1980 inaonyesha kwamba tangu wakati ule hapakuwa na shaka Kapteni ni nani, na hilo ndilo linalookoa upande A hata baada ya 2028.

Bi Tausi

Samahani Wakili, hapo kwenye kujitambulisha. Mkataba unasema mtunzi mwenyewe. Huyu amekufa bila kujitambulisha. Watoto wakimtambulisha baada ya kifo inahesabika? Mimi niliwahi kusaidia familia ya mshairi wa magazetini aliyeandika kwa lakabu miaka yote, na mwanasheria wetu alisema haijanyooka.

Wakili wa Jioni

Bi Tausi umelenga. Haijanyooka, mimi nisingeapa. Ndiyo maana nawasukuma watafute karatasi ya zamani. Ukiwa nayo huhitaji kujibu hilo swali, kwa sababu hoja inakuwa kwamba lakabu haikuwahi kumficha. Ukiwa na viapo vya leo peke yake, unaingia kwenye ubishi huo. Kwa usalama, fanyeni yote kabla ya mwisho wa 2028.

Bi Tausi

Asante. Washairi walikuwa na bahati moja, wengi lakabu yao ilichapwa pamoja na jina. Andanenga kila mtu alijua ndiye Sauti ya Kiza. Wa kwetu aliweka lakabu na sanduku la posta tu. Sanduku lenyewe lilikuwa la shule.

Chura wa Kinondoni

Swali la kweli safari hii, sitanii. Hawa wasanii wakubwa wakienda mahakamani wanatumia jina gani?

Wakili wa Jioni

La kwenye kitambulisho. Mwana FA na AY waliposhtaki kampuni ya simu kuhusu nyimbo zao kutumika kama miito, walalamikaji kwenye jalada ni Hamisi Mwinjuma na Ambwene Yesaya. Ukitafuta kesi hiyo kwa majina ya jukwaani utazunguka sana.

Mtoto wa Kihonda

Wakuu nimerudi, na kuna jipya. Kaka amempata mpiga besi wa ile bendi, yuko Kilosa, mzee sana lakini kumbukumbu anayo. Amekubali kuapa. Amempa kaka picha ya bendi, nyuma imeandikwa kwa kalamu majina ya wote, na kwa baba imeandikwa jina lake halisi, mkato, Kapteni. Tarehe ni Krismasi 1979.

Furaha imedumu siku hiyo tu. Mzee huyohuyo anasema kabla ya baba kulikuwa na mwimbaji mwingine aliyeitwa Kapteni. Alipohama, kiongozi wa bendi akampa baba jina lile kwa sababu lilikuwa limeshaandikwa kwenye mabango. Na familia ya yule wa kwanza ipo, wanaishi Dodoma. Baba alijiunga 1977.

Kaka wa Kitaa

Eh! Kumbe cheo kilikuwa cha bendi.

Mzee wa Santuri

Ndiyo maana niliuliza kuhusu 1978. Kama santuri ilitoka 1978 lakini walirekodi mapema, Kapteni wa kwenye mabano anaweza kuwa yule wa Dodoma. Na picha ya 1979 haikusaidii kwa wimbo wa kabla ya hapo.

Chukua santuri, iinamishe kwenye mwanga. Kwenye ile sehemu laini isiyo na mistari, kati ya mwisho wa wimbo na lebo, kuna namba zimechongwa. Zipige picha pande zote mbili. Namba hizo zinafuatana kadiri kazi zilivyokatwa, kwa hiyo nikizilinganisha na santuri nyingine za lebo hiyo nilizonazo naweza kukuambia hizi zilikatwa karibu na zipi. Haitakupa siku, na haitakuambia waliimba lini. Itatupunguzia miaka tu.

Halafu muulize mzee wa Kilosa jambo moja, bila kumwongoza: upande A, nani aliimba sauti ya kwanza?

Wakili wa Jioni

Na ujue kwamba aliyeimba si lazima awe ndiye aliyetunga. Muulize yote mawili, kila moja peke yake. Kiapo kisisainiwe kwanza mpaka tusikie jibu. Mzee akiapa kwamba Kapteni ni baba yenu tu, halafu familia ya Dodoma ikaleta bango la 1976, kiapo chote kinakufa, hata sehemu iliyokuwa kweli.

Upande B hauhusiki na mgogoro huu. Kadai huo kwanza, mrekebishe na ile herufi ya ukoo.

Mtoto wa Kihonda

Sawa. Upande B tunaenda nao Jumatatu. Mzee wa Santuri, namba za upande A zinaonekana ila mbili za mwisho zimekwaruzwa, sijui ni 3 au 8. Nakutumia picha kwenye ujumbe binafsi.

Mzee wa Santuri

Tuma. Na tuma picha ya upande B pia, mara nyingi zinatofautiana namba moja tu.